Jinsi ya kukagua mkataba wa bajaji ya mkopo kabla ya kusaini

Msimu wa korosho ukishalipa, madalali wa bajaji Mtwara, Masasi na Lindi huwa hawalali. Ukipewa mkataba, omba nakala ukaisome nyumbani ukiwa na kikokotoo cha simu. Anayekuharakisha usaini palepale, muage.

Kwanza tafuta namba tano kwenye karatasi yenyewe: bei ya taslimu, kianzio, riba kwa mwaka, idadi ya miezi na rejesho la mwezi. Inayokosekana iandikwe kabla hujaendelea, maana maneno ya mdomo hayakusaidii siku bajaji inakamatwa.

Tuseme bei ni 9,600,000, kianzio 2,400,000, riba asilimia 18 kwa mwaka isiyopungua, yaani inapigwa kwenye deni la mwanzo hadi mwisho, miezi 18, na rejesho limeandikwa 544,000.

Toa kianzio kwenye bei: deni ni 7,200,000. Miezi 18 ni mwaka mmoja na nusu, hivyo riba yote ni asilimia 27 ya deni, yaani 1,944,000. Jumlisha upate 9,144,000, gawa kwa 18: rejesho ni 508,000. Ukiongeza kianzio, bajaji yote inakugharimu 11,544,000.

Mkataba unasema 544,000. Hiyo 36,000 ya ziada imetoka wapi? Zidisha 544,000 kwa 18, utapata 9,792,000. Toa deni, inabaki riba ya 2,592,000, ambayo ni asilimia 27 ya 9,600,000. Yaani riba imepigwa kwenye bei nzima, pamoja na kianzio ulichokwishalipa. Unazidishiwa 648,000. Hili ndilo kosa la kuliwinda kuliko mengine yote, kwa sababu asilimia iliyoandikwa ni ileile mliyokubaliana na macho hayaoni kitu.

Kama unalipa kwa wiki, hesabu wiki zenyewe. Miezi 18 ina wiki 78, si 72. Muuzaji akigawa 508,000 kwa nne akakutoza 127,000 hadi miezi 18 iishe, amekula wiki sita, sawa na 762,000.

Tofauti ya shilingi chache kwa mwezi ni ya kukadiria namba, usigombane nayo. Ikizidi hapo, mpelekee muuzaji hesabu yako na umuulize, “Kaka, riba hii umeipiga juu ya kiasi gani?” Bima au ada ya fomu ikitajwa kuwa sababu, iandikwe kwenye mstari wake na kiasi chake.

Riba isiyopungua haishuki hata deni likishuka. Ukilinganisha na benki inayotoza riba kwa deni lililobaki, hiyo 18 ni sawa na zaidi ya 30.

Namba zikikubaliana, hakikisha jumla ya 11,544,000 imeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, pamoja na lini kadi ya chombo itahamishiwa jina lako. Kisha saini kila ukurasa, ubaki na nakala yenye saini za pande zote mbili.