Tarehe ya Mwisho Inayokuja Mapema: Ratiba ya Wiki kwa Anayetafuta Kazi za Hospitali Uingereza

Ndugu zangu mlioko Uingereza, ruhusa ya kufanya kazi mnayo lakini kazi yenyewe haijapatikana, haya nawaandikia nyinyi. Nawalenga hasa wanaoomba kazi za NHS zisizodai digrii: karani wa wodi, mpokezi, msaidizi wa wauguzi, msukuma vitanda. Kwenye mfumo zinaitwa Band 2 na Band 3. Kufungua akaunti ya NHS Jobs ni jambo la dakika chache na hakuhitaji mwongozo. Kinachomaliza watu ni namna ya kuishi na matangazo hayo wiki baada ya wiki bila kukonda kwa mawazo.

Nianze na mtego, maana ulinibana vibaya. Nyumbani, tangazo la Ajira Portal au la PSC likisema mwisho ni tarehe 20, unajua una nafasi mpaka tarehe 20. Unatafuta vyeti, unamwona wakili agonge muhuri, unatuma. Hapa tangazo la hospitali nalo lina tarehe ya mwisho, iko juu na inaonekana vizuri. Lakini teremka mpaka chini kabisa, baada ya aya ndefu za sifa za taasisi, mara nyingi utakuta sentensi ya aina hii: This vacancy may close early. Maana yake, maombi yakishatosha wanafunga dirisha, na tarehe ya juu haina kazi tena. Kazi za Band 2 hujaa upesi kwa sababu wengi wana sifa zake.

Nafasi niliyoitaka kuliko zote ilikuwa na mwisho wa Jumapili. Niliandika maelezo yangu kwa utulivu jioni baada ya jioni, na katikati ya wiki nilipofungua ukurasa ili nitume, nafasi ilikuwa imefungwa. Hakuna wa kumlalamikia. Sentensi ile ilikuwepo, na kwa sheria zao imetosha.

Mtego huu una ncha ya pili, na ndiyo inayoua zaidi. Mtu akishaumia hivyo mara moja anaanza kulala na simu mkononi. Anawasha arifa za kila tovuti, anachungulia saa nane za usiku, anatuma ombi lilelile kila mahali ili awahi. Majibu yanarudi ni kukataliwa, kwa sababu ombi la haraka halijibu kilichoulizwa, naye anaongeza idadi. Baada ya miezi michache hawezi hata kufungua barua pepe. Nimewaona watu wenye akili na bidii wakifikia hapo. Nasema tena: soma chini ya tangazo kabla ya kuamini tarehe ya juu, kisha zima arifa. Yote mawili, si moja.

Ratiba inayofaa ina siku mbili za kupitia matangazo, Jumatatu na Alhamisi, kuanzia saa tatu asubuhi, kwa muda wa saa moja tu ya saa ya ukutani. Panga orodha kwa tangazo jipya kwanza, weka mji wako na umbali unaoweza kusafiri kwa basi hata alfajiri, kisha soma vitu vitatu pekee katika kila tangazo: saa na zamu, aina ya mkataba, na kama ile sentensi ya kufunga mapema ipo. Usisome maelezo ya kazi ndani ya saa hiyo. Ukianza kusoma utaanza kuota, na ukiota tangazo moja utatumia asubuhi nzima. Linalofaa lihifadhi, endelea. Siku mbili zinatosha kwa sababu pengo kati yake halizidi siku nne, na tangazo lililotoka Ijumaa bado utalikuta Jumatatu likiwa bichi. Likifungwa kabla ya hapo, mkesha wako usingelisaidia sana, maana ombi zuri haliandikwi kwa nusu saa.

Kazi halisi ni kuchuja, na hapo ndipo watu wetu wanapokosea njia. Tumezoea kwamba cheti kikiwa kizuri kinajisemea. Hapa hakijisemei. Kila tangazo la NHS lina jedwali linaloitwa person specification, lenye safu ya Essential, yaani mambo ya lazima, na safu ya Desirable, mambo ya kuongezea. Anayekuchuja anakaa na jedwali hilo na maelezo yako, anatafuta ushahidi wa kila sharti na kuutolea alama. Jina lako kwa kawaida limefichwa hatua hiyo. Kwa hiyo usijiambie umekataliwa kwa ajili ya jina kabla hujajiuliza kama uliyajibu masharti yote.

Chukua mfano wa dada aliyekuwa mapokezi katika hospitali ya mkoa nyumbani. Asubuhi moja amehifadhi matangazo matatu. La kwanza ni karani wa wodi, Band 2, mkataba wa kudumu, linaweza kufungwa mapema. La pili ni msaidizi wa ofisi katika timu inayotembelea wagonjwa majumbani. La tatu ni karani tena, lakini mkataba wake ni wa bank, yaani unaitwa zamu zinapokuwepo na huna saa za uhakika.

Anachora mstari katikati ya karatasi. Kushoto anaandika kila sharti la lazima, kulia anaandika tukio moja la kweli alilolifanya. Karani wa wodi anadaiwa Kiingereza na hesabu za GCSE au kiwango kinacholingana, ujuzi wa kompyuta, kuhudumia watu, kutunza siri, na kupanga kazi huku akikatizwa. Vyeti vya kidato cha nne anavyo, na neno la kiwango kinacholingana linamruhusu kuvitaja. Wakidai uthibitisho, anayetoa tathmini rasmi ni UK ENIC, kwa malipo. Kwa kukatizwa, anaandika siku simu inalia, mgonjwa wa dharura anaingia na foleni iko mlangoni: alianza na nani, kwa nini, na ikaishaje. Kwa siri, anaandika jirani aliyekuja kuulizia majibu ya vipimo vya mwenzake na namna alivyomkatalia kwa heshima. Masharti yote yana jibu, basi hili linakwenda juu ya orodha na linaandikwa siku hiyohiyo, kwa sababu ya ile sentensi.

Tangazo la pili linadai leseni ya Uingereza ya kuendesha gari, na limeiweka kwenye lazima. Hana. Analifuta bila majadiliano, hata kama mengine yote anayo. Sharti la lazima usilokuwa nalo ni mlango uliofungwa, na ombi lako huko ni jioni iliyopotea pamoja na barua moja zaidi ya kukukatisha tamaa. La tatu analiweka la pili kwa umuhimu. Wengi wetu tunaidharau bank, nami nadhani tunakosea: ukishaingia unafahamu mifumo yao, unapata mtu wa ndani wa kukushuhudia unapoomba kazi, na hospitali nyingi hutangaza baadhi ya nafasi kwa watu wa ndani kwanza.

Maombi yasizidi matatu kwa wiki. Andika maelezo kwa kufuata mpangilio wa jedwali, sharti kwa sharti, ili anayesoma asitafute. Hifadhi matukio yako kwenye faili moja. Yatakufaa tena, ukibadilisha maneno yalingane na tangazo. Na kabla ya kutuma, hifadhi tangazo lenyewe na jedwali kwenye kompyuta. Likishafungwa huenda usilione tena, nawe utaitwa kwenye usaili hujui ulijibu nini. Andaa pia historia ya miaka mitatu bila pengo lisiloelezwa, kwani ndiyo watakayoichunguza.

Kila tangazo huwa na jina la mtu wa kuulizwa habari za kazi. Mpigie. Nyumbani kumpigia bosi kabla ya kuomba kunanuka kupenyeza mkono, kwa hiyo tunaona haya. Hapa ni jambo la kawaida, na Waingereza, ambao hawakusalimii kwenye lifti, watakueleza kazi yao kwa dakika kumi bila kuchoka. Muulize siku ya kazi ikoje na kama wanatarajia kufunga mapema. Swali hilo la mwisho linaokoa wiki nzima.

Ijumaa ni siku ya kupitia ulichofanya, nusu saa tu. Kwenye daftari, mbele ya kila ombi, andika tarehe ya kufunga na tarehe ya wiki tatu baada yake. Matangazo mengi yanasema usiposikia kitu ndani ya muda wa namna hiyo ujue hukuchaguliwa. Siku hiyo ikifika, kata mstari. Watu wa huku wana adabu nyingi za maneno lakini kwenye jambo hili hukaa kimya, na kungojea kimya hicho kunachosha kuliko kukataliwa. Kisha tazama maombi yanakwama wapi. Yakikwama kabla ya usaili, rudi kwenye jedwali: matukio yako ni mepesi au unachagua nafasi zisizo zako. Yakikwama baada ya usaili, maelezo yako hayana tatizo, usiyaguse. Omba maoni ya usaili na ufanye mazoezi ya kujibu kwa sauti.

Anayepokea Universal Credit ananijibu kwamba ameahidi saa nyingi za kutafuta kazi, mara nyingi 35 kwa wiki. Kuandika ombi, kupiga simu, mazoezi ya usaili na kozi vyote ni kutafuta kazi. Viandike kwenye journal na saa zake, umwonyeshe work coach ratiba yenyewe. Mwenye viza isiyoruhusu fedha za umma, hili halimhusu na asiliombe.

Na nyinyi wazee wetu na shangazi zetu nyumbani, tunawapenda. Ila msitutumie kila picha ya tangazo inayozunguka WhatsApp, hasa zile za kulipia udhamini wa viza. Uingereza ilifunga Julai 2025 njia ya kuajiri wahudumu wa matunzo wapya kutoka nje, na anayewauzia leo nafasi hiyo anawaibia. Swali la umepata kazi, likiulizwa kila siku, linamkalisha mtu na simu kama zile arifa nilizosema zizimwe. Mpangieni Jumamosi, siku ambayo hafungui matangazo, muulizane na habari nyingine.

Ukipata hata zamu za bank, ratiba inapungua. Acha Alhamisi kwa matangazo ya ndani, ambayo utaonyeshwa na wenzako wa wodi mahali yanapobandikwa kwenye mtandao wa hospitali, na Jumatatu uipumzishe.