Somo: Kuandaa mwongozo wa mahojiano kuhusu mwaka wa kwanza wa ualimu

Somo hili ni la anayetaka kuwahoji walimu wapya kwa mahojiano ya nusu muundo: maswali makuu yameandikwa, lakini mhojaji ana ruhusa ya kubadili mpangilio na kudodosa kadiri mazungumzo yanavyokwenda. Tutumie utafiti mmoja wa mfano, unaouliza: walimu wapya wanapata msaada gani wa kikazi mwaka wa kwanza, na msaada huo unabadili nini katika ufundishaji wao?

Hatua ya 1: Usimuulize mwalimu swali la utafiti

Swali la utafiti ni lako, na kazi ya kulijibu ni yako pia. Ukimuuliza mwalimu, "Msaada uliopata umebadilije ufundishaji wako?", unamtwika uchambuzi, naye atakupa sentensi mbili safi zinazofanana na alichofundishwa chuoni. Livunje kwanza kuwa mambo ambayo ameyaona kwa macho yake. Kwa mfano wetu yanatosha manne: alivyopokelewa na kupangiwa vipindi, kipindi kilichomshinda, mtu aliyemwendea baada ya hapo, na kitu anachokifanya sasa ambacho mwanzoni hakukifanya.

Kila jambo lizae swali kuu moja. Kwa mahojiano ya dakika 60, maswali makuu manne hadi sita yanatosha.

Hatua ya 2: Andika swali linaloomba tukio

Hapa ndipo miongozo mingi inapoharibika. Tazama swali hili, la aina inayoonekana sana katika rasimu za kwanza:

"Je, uongozi wa shule ulikupa msaada wa kutosha, na ulikusaidiaje kumudu darasa?"

Kwanza, ni maswali mawili ndani ya moja. Mwalimu atajibu la pili na la kwanza litapotea. Pili, limeshaamua kwamba msaada ulikuwepo. Tatu, neno "kutosha" linamtaka atoe hukumu juu ya wakubwa wake, na huenda bado yuko kwenye kipindi cha majaribio. Atasema ulitosha. Hajadanganya, amejilinda tu.

Liandike hivi:

"Fikiria kipindi kimoja cha muhula wa kwanza ambacho hakikwenda kama ulivyopanga. Nisimulie tangu ulipoingia darasani mpaka ulipotoka."

Chini yake weka maswali ya kudodosa, ya kutumia pale tu simulizi isipoyagusa:

- Wanafunzi walikuwa wanafanya nini wakati huo?
- Baada ya kipindi, nani alikuwa wa kwanza kujua?
- Alikuambia nini? Jaribu kukumbuka maneno yenyewe.
- Ulipoingia tena darasa lile, ulifanya nini?

Msaada haukutajwa hata mara moja, ila ukiwepo utajitokeza, na kama hakumpata mtu wa kumwambia, hilo pia litajitokeza. Ndiyo faida kubwa ya kuomba tukio: ukimya wa shule unaonekana bila mwalimu kulazimika kuulalamikia.

Jihadhari na "kwa nini". Mwalimu mpya amezoea kuulizwa "kwa nini" na mkaguzi, kwa hiyo swali hilo humfanya ajitetee. "Ilikuwaje ukaamua hivyo?" humrudisha kwenye simulizi.

Hatua ya 3: Panga mwendo na muda

Maelezo na ridhaa vimalizike kabla ya kuwasha kinasa sauti. Ukishakiwasha, mwombe athibitishe ridhaa yake kwa sauti. Dakika 5 za mwanzo ziwe za mambo mepesi: anafundisha masomo gani, madarasa gani, vipindi vingapi kwa wiki. Kisha mpe karatasi yenye mstari mrefu uliogawanywa kwa mihula, aweke alama pale mambo yalipomwendea vizuri na pale yalipomwia magumu. Tenga dakika 10 kwa hilo. Bila mstari huo, mwalimu anayehojiwa mwishoni mwa mwaka hukumbuka zaidi muhula uliopita juzi, na miezi ya mwanzo inakuwa sentensi moja: "Mwanzoni ilikuwa ngumu, lakini nilizoea."

Maswali makuu manne yachukue takriban dakika 9 kila moja. La kipindi kilichoharibika lisiwe la kwanza; likae la pili au la tatu, baada ya mtu kuzoea sauti yake mwenyewe. Dakika 5 za mwisho muulize: "Kuna jambo la mwaka huu ulilodhani nitakuuliza na sikuuliza?" Usizime kinasa kabla ya jibu hilo.

Mwongozo wote uenee kurasa mbili, maswali makuu kwa herufi nzito. Ukilazimika kufunua kurasa huku mtu anasimulia, umeacha kumsikiliza.

Hatua ya 4: Jaribu, kisha punguza

Fanya mahojiano mawili ya majaribio na walimu waliomaliza mwaka wa kwanza hivi karibuni, wasiokuwa katika sampuli yako. Nukuu angalau moja neno kwa neno. Angalia mambo matatu: swali lililojibiwa kwa sentensi moja, swali lililorudishwa kwako kwa "unamaanisha nini?", na swali ambalo jibu lake lilishatoka kwenye swali la nyuma. Mawili ya kwanza yaandike upya. La tatu lifanye la kudodosa.

Wakati wa kukusanya data zenyewe unaweza kuongeza maswali ya kudodosa, lakini kila toleo la mwongozo liwe na tarehe, ili ujue nani aliulizwa nini.

Maswali ya wanachama

Swali: Asante kwa somo, mwalimu. Msimamizi wangu anataka maswali makuu 15 ili "tusikose kitu". Nifanyeje?

Jibu: Piga naye hesabu. Maswali 15 kwa dakika 60 ni dakika 4 kila moja, pamoja na kudodosa. Hiyo ni hojaji inayosomwa kwa sauti. Mpelekee jedwali lenye maswali yake yote 15 yakiwa yamepangwa chini ya maswali makuu matano kama ya kudodosa. Ataona hakuna kilichoachwa.

Swali: Nikiuliza, najibiwa "kawaida tu". Hapo nadodosa vipi?

Jibu: Shuka kwenye siku moja. "Tuchukue Jumanne iliyopita. Kipindi cha kwanza kilikuwa cha darasa gani?" Kisha nyamaza. Wengi hujaza ukimya wa sekunde tano wenyewe. Wahojaji wengi huukatiza kwa swali jipya na kuua jibu lililokuwa njiani.

Swali: Je, niwatumie maswali mapema?

Jibu: Watumie mada, pamoja na ombi la kufikiria tukio moja au mawili. Maswali kamili huleta majibu yaliyoandaliwa. Kamati ya maadili ikitaka mwongozo wote uonwe na washiriki, fuata masharti yake.

Swali: Mkuu wa shule amenichagulia walimu na kunipa chumba kando ya ofisi yake. Mwongozo unaweza kuokoa hali hii?

Jibu: Kwa sehemu ndogo tu. Maswali ya matukio husaidia, na unaweza kumwomba mwalimu ataje vyeo badala ya majina, lakini hakuna swali linaloondoa sikio lililo nyuma ya ukuta. Omba mahali pengine, au muda baada ya masomo, na uwaalike walimu wapya wote moja kwa moja ili mkuu asijue nani alikubali. Jambo moja liwe kwenye maelezo ya ridhaa kabla ya swali lolote: ukisikia kwamba mtoto yuko hatarini, hutaweza kuifanya siri. Ukilisema baada ya kusikia, umechelewa.