Sanseveria yenye pindo la njano: gawa shina, usikate jani

Mama mmoja anayeuza miche kando ya barabara, Tengeru, alinionyesha vikopo 24 alivyovipanga chini ya mwembe. Miezi sita nyuma alichukua majani 6 ya sanseveria yenye pindo la njano, ile ambayo wateja huiulizia zaidi, akakata kila jani vipande vinne na kuvichomeka kwenye mchanga. Vingi vilishika, na vichipukizi vilikuwa vinene, vimesimama wima. Lakini vyote vilikuwa vya kijani. Hakuna hata kimoja kilichotoka na njano. Akadhani udongo umekosa kitu, akaanza kuviongezea samadi ili rangi irudi.

Rangi ile hairudi kwa samadi. Kosa lilianza siku aliyoshika kisu, na angeliepuka kama angelisoma jani vizuri kabla ya kulikata.

Tuanze na umbo. Sanseveria ni jani refu kama upanga, gumu, limenyooka juu, limetoka moja kwa moja ardhini bila shina linaloonekana. Kwenye lebo utaona Dracaena trifasciata, au jina lake la zamani Sansevieria trifasciata. Ni mmea uleule. Wengi huichanganya na mkonge wa mapambo, ambao nao una pindo la njano. Pitisha kidole taratibu ukingoni mwa jani. Mkonge wa mapambo una miiba midogo pembeni na mwiba mkali kwenye ncha, na huo mahali pake ni nje juani. Ukingo wa sanseveria ni laini, na ncha yake haichomi kama sindano. Kuna pia drasena ya shina, ile inayofanana na mhindi: majani yake ni mepesi, yanainama, na njano yake imekaa katikati ya jani, si pembeni.

Ukishajua ni sanseveria, tazama rangi, maana jani moja lina michoro miwili isiyo na asili moja. Wa kwanza ni mikanda ya kijivu inayokatiza jani kwa upana, kama mawimbi. Hiyo ni sura ya mmea wenyewe, iko katika kila chembe hai yake, kwa hiyo popote utakapokata, mtoto atatoka nayo. Wa pili ni pindo la njano linalopanda pembeni kutoka chini hadi nchani. Pindo hilo ni tishu nyingine kabisa, iliyokosa klorofili, iliyoshikana na tishu ya kijani katika mmea mmoja. Ni kama kitambaa kilichoshonewa ukingo wa rangi nyingine: ukikata kipande cha katikati ukakitumia kushonea nguo mpya, ukingo haufuati.

Ndivyo inavyokuwa kwenye kopo la mchanga. Kipande cha jani kinapotoa mizizi na kichipukizi, kichipukizi hicho huanzia kwenye chembe za ndani, ambazo ni za kijani. Mtoto anatoka na mikanda ya kijivu bila pindo. Ukikata ukanda wa njano peke yake ukauchomeka, nao hautakufikisha popote, kwa sababu hauna klorofili ya kujitengenezea chakula. Sheria hii inaihusu pia sanseveria fupi yenye pindo, ile inayokaa kama kikapu kidogo.

Pindo linahifadhiwa kwenye rizomu, yaani shina nene la manjano au rangi ya chungwa linalotambaa chini ya udongo. Chipukizi linalotoka hapo limebeba tishu zote mbili kwa mpangilio wake. Kwa hiyo mimi na yule muuzaji tuliutoa chunguni mmea mama wa wale watoto, sanseveria kubwa iliyojaa hadi chungu kikaanza kupasuka. Usimwagilie kwa wiki moja kabla, udongo utaachia kirahisi. Kung'uta udongo mpaka uone rizomu inapita wapi, kisha kata kwa kisu kikali kilichosafishwa, ukihakikisha kila kipande kina majani mawili au matatu na mizizi yake. Sisi tulipata vipande vitano. Paka unga wa mkaa kwenye majeraha, viache kivulini siku mbili mpaka vidonda vikauke, ndipo upande. Usimwagilie tena kwa siku saba hivi. Hatua hiyo ya kusubiri ndiyo watu hawaivumilii, na ndipo vipande vinapooza.

Udongo uwe unaopitisha maji haraka: sehemu mbili za udongo wa bustani kwa sehemu moja ya mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa, na samadi iliyooza vizuri kidogo tu. Chungu kiwe na matundu chini, na kisiwe kikubwa kupita mizizi, maana udongo usio na mizizi hukaa na maji muda mrefu. Ndani ya nyumba, mwagilia pale udongo umekauka mpaka chini. Chomeka kijiti hadi karibu na kitako cha chungu. Kikitoka na unyevu, subiri. Kwa nyumba nyingi hiyo ni kila baada ya wiki mbili au tatu, na wakati wa baridi ya Juni na Julai hata mwezi unaweza kupita. Maji yaende kwenye udongo, yasituame katikati ya majani.

Wenye pindo wanahitaji mwanga kuliko wale wa kijani kitupu, kwa kuwa sehemu ya jani lao haifanyi kazi ya kutengeneza chakula. Weka mita moja au mbili kutoka dirishani. Jua kali la mchana likipiga moja kwa moja, pindo ndilo linaloungua kwanza, linakuwa na mabaka makavu ya kahawia.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi: njano ya pindo na njano ya ugonjwa. Bonyeza jani karibu na udongo. Pindo la asili ni gumu, mpaka wake na kijani uko wazi, na jani lilizaliwa nalo. Njano ya kuoza huanzia chini, haina mpaka, ukibonyeza panabonyea, na ukinusa kuna harufu mbaya. Ukiiona hiyo, toa mmea siku hiyohiyo, kata rizomu mpaka ufike penye nyama ngumu na safi, kausha, panda upya kwenye udongo mkavu. Ikiwa rizomu imeoza yote lakini majani yana sehemu ngumu juu, kata hizo uzichomeke, upande uliokuwa chini ubaki chini. Utaokoa mmea, ila pindo umelipoteza.

Vile vikopo vya kijani yule mama hakuvitupa. Anaviuza kama sanseveria ya kijani, anamwambia mteja wazi kwamba haitageuka. Vipande vitano vilianza kutoa majani mapya baada ya miezi mitatu, yote na pindo. Kimoja tu kilitoa pia chipukizi la kijani kitupu ubavuni. Hutokea mara mojamoja. Tulilifuata chini ya udongo tukalikata kwenye rizomu, kwa sababu la kijani hukua haraka kuliko lenye pindo, na likiachwa linajaza chungu.