Barua pepe baada ya simu ya kwanza: mwandikie yule ambaye hakuwepo

Jumatatu niliongea kwa dakika arobaini na mama mwenye nyumba ya wageni pale Moshi. Vyumba tisa, wageni wake wengi ni wapanda mlima. Alitaka mfumo wa kupokea oda za vyumba. Mwishoni akasema, "Nitumie kwa maandishi nimwonyeshe kaka." Kaka yuko Arusha, na ndiye anayeshika fedha. Basi barua nzima niliiandika nikimfikiria kaka, mtu ambaye hakusikia hata neno moja la simu ile.

1. Andika maneno yake kabla hujanyanyuka kitini. Mimi ningesema "hakuna kalenda moja." Yeye alisema, "Kikundi kikishuka siku moja kabla, mimi sina pa kuwalaza." Kaka akisoma sentensi hiyo atamsikia dada yake. Akisoma yangu atasikia muuzaji.

2. Anza na tatizo na hasara yake. Shukrani ni mstari mmoja tu, na habari za kampuni yako haziingii kabisa. Weka tarakimu alizozitaja mwenyewe, usikadirie kwa niaba yake.

3. Tenga ulichosikia na unachodhani. Hapa ndipo wengi tunaharibu. Mteja anasema "oda zinagongana", sisi tunaandika "unahitaji tovuti mpya." Hakuomba tovuti. Dhana yako igeuze swali, naye apate nafasi ya kukusahihisha kabla hujapiga hesabu.

4. Hatua moja inayofuata, yenye siku, saa na kazi ya kila upande. "Tuwasiliane" si hatua.

Hii ndiyo niliyotuma jioni ileile:

> Kichwa: Vyumba kugongana: tuliyoongea leo, na Alhamisi
>
> Mama, shikamoo. Asante kwa muda wako leo.
>
> Nilivyokuelewa: oda zinaingia kwa WhatsApp, barua pepe na simu, na zote zinaandikwa kwenye daftari moja la mapokezi. Mgumu zaidi ni usiku wa kushuka mlimani, kwa kuwa kikundi kinaweza kurudi siku moja kabla na vyumba vina watu. Msimu uliopita ilitokea mara mbili, na kila mara ulilipa shilingi 180,000 kuwalaza wageni kwingine. Unataka jambo hili liishe kabla wageni wa Juni hawajaanza kuja.
>
> Sijaelewa bado: wakala wa safari akibadilisha tarehe, anampigia nani? Wewe au mapokezi?
>
> Ninapendekeza tukutane kwa simu Alhamisi, 12 Machi 2026, saa nne asubuhi (10:00), na kaka awepo. Kabla ya hapo naomba picha za kurasa za daftari za mwezi wa Februari. Mimi nitakuja na mchoro wa jinsi oda zitakavyopita. Kama kuna nilipokosea, nirekebishe hapahapa.

Ile 10:00 niliiweka makusudi. Kalenda ya simu inaandika 10:00, sisi tunasema saa nne, na nimewahi kumsubiri mtu aliyekuja saa kumi jioni.

Alijibu kesho yake: wakala anampigia mpishi! Mpishi ndiye mwenye namba ya zamani ya nyumba. Ningetuma bei ya mfumo Jumatatu, ningekuwa nimeuza kitu ambacho mpishi hakioni.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Njiro: Bei niiweke humo?*
Kama hakuuliza, hapana. Kaka ataruka moja kwa moja kwenye tarakimu kabla ya kuliona tatizo. Kama aliuliza kwenye simu, usikwepe: taja kiwango cha chini na cha juu, na useme ni jambo gani litakalokupeleka juu.

*Mwanachama wa Majengo, Moshi: Wateja wangu hawafungui barua pepe kabisa.*
Itume barua, kisha WhatsApp andika mistari miwili: umeituma, na lile swali moja. Akikuambia barua pepe hatumii, bandika maneno yote palepale WhatsApp. Ujumbe wa sauti siupendi kwa kazi hii. Wa dakika tano kaka hatausikiliza hadi mwisho, wala hawezi kurudi kwenye ile 180,000 bila kuanza upya.

*Mwanachama wa Sakina: Wangu alijibu "sawa, asante", kisha kimya. Nimwandikieje?*
Wewe ulimwomba nini? Kama hukumwomba kitu, "sawa" yake haikuambii lolote. Huenda ni adabu tu. Ndiyo maana niliomba picha za daftari. Zikija, kazi imeanza. Zisipokuja hadi Jumatano mchana, nauliza kuhusu picha tu, wala simuulizi "umefikia wapi kuhusu uamuzi". Mara nyingi jibu linakuwa daftari liko kwa mhasibu, tunasogeza siku. Na akinyamaza tena baada ya hapo, mimi huwa naacha wiki mbili zipite.