Hotuba ya shukrani ya mhitimu: kuiandika kwa Kiswahili, kisha kuwaandalia wageni toleo la Kiingereza

Somo hili linamhusu mhitimu aliyepewa dakika tano kutoa shukrani kwa niaba ya wenzake, katika ukumbi wenye wazazi wanaozungumza Kiswahili na wageni wa kimataifa wasiokifahamu. Wengi huandika Kiswahili kisha hukigeuza sentensi kwa sentensi, wakapata Kiingereza kisicho na kosa la sarufi lakini kinachomwacha mgeni akijiuliza nani anashukuriwa, na kwa lipi.

Hatua ya kwanza: kamilisha Kiswahili. Andika kana kwamba hakuna mgeni. Taja itifaki kwa mpangilio wake, kuanzia mgeni rasmi na mkuu wa chuo hadi walimu, wazazi na wahitimu, halafu kila unayemshukuru mpe tendo moja linalojulikana. Tuchukue aya hii:

“Tunamshukuru kwa dhati mlezi wetu wa maabara, ambaye kwetu alikuwa mzazi, na ambaye alikaa nasi hadi usiku pale vipimo vilipokataa kutoa majibu. Tulipomkosea, kwa kujua au kwa kutojua, tunamwomba radhi.”

Hatua ya pili: tafuta mahali patakapoleta utata. Katika aya hiyo pako patatu. Kwanza, Kiswahili hakisemi kama mlezi ni mwanamume au mwanamke, ilhali Kiingereza kitakulazimisha kuchagua mara tu utakapotumia kiwakilishi, kwa hiyo mwandishi wa toleo la pili asibahatishe, aulize. Pili, mgeni anaweza kudhani kuwa mlezi huyo ni mzazi halisi wa mmoja wa wahitimu. Tatu, na hapa ndipo penye hatari zaidi, kuomba radhi wakati wa kuagana ni adabu inayotarajiwa na wasikilizaji wetu, lakini mgeni asiyeizoea atahisi kwamba palitokea ugomvi ambao hakuelezwa.

Hatua ya tatu: liandike toleo la Kiingereza upya. Weka Kiswahili pembeni, ubaki na orodha ya watu na matendo yao. Aya yetu kwa Kiingereza iseme kwamba mlezi wa maabara, aliyetajwa kwa jina na cheo, alikaa na wanafunzi hadi usiku vipimo vilipokwama, na kwamba aliwajali kama watoto wake mwenyewe. Neno “kama” linaondoa utata wa uzazi bila kupunguza heshima. Radhi iache kwenye Kiswahili, ambako wanaohusika wataisikia. Shukrani kwa Mungu, ikiwa wahitimu wamekubaliana kuitoa, ibaki katika matoleo yote mawili, ila kwa Kiingereza itoshe sentensi moja. Mlolongo wa itifaki nao ufupishwe: mtaje mgeni rasmi na mkuu wa chuo kwa vyeo vyao, wengine uwakusanye katika salamu moja.

Hatua ya nne: pima kwa saa. Idadi ya maneno itakudanganya, kwa kuwa neno moja kama “tunawashukuru” hubeba mtendaji, wakati, mtendwa na kitendo, mambo ambayo Kiingereza huyagawa katika maneno kadhaa. Soma matoleo yote mawili kwa sauti, kwa mwendo wa jukwaani. Katika dakika tano, mimi huipa Kiswahili tatu na nusu na Kiingereza moja na nusu. Mgawanyo huo ni wa haki, kwa sababu wengi wa wanaoshukuriwa wameketi upande wa Kiswahili.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Je, ninaweza kusoma aya moja kwa Kiswahili, inayofuata kwa Kiingereza, hadi mwisho?*

Marahaba. Inawezekana, lakini kila upande utapoteza mfululizo, na makofi yatakatika katikati ya shukrani. Ni afadhali uwakaribishe wageni kwa sentensi mbili za Kiingereza mwanzoni, uwaambie kwamba muhtasari wao unakuja, usome Kiswahili chote, ndipo uwageukie.

*Nimeweka methali “Mchumia juani hulia kivulini” kwa ajili ya wazazi. Niifanyeje kwa Kiingereza?*

Ukiigeuza neno kwa neno utalazimika kuieleza, na muda huna. Sema wazo lake moja kwa moja: kwamba wazazi walivumilia kazi ngumu ili leo wafurahie matunda yake pamoja nasi. Methali yenyewe ibaki mahali pake.

*Wafadhili wetu wote ni wageni. Niwashukuru kwa Kiingereza pekee?*

Hapana. Wataje katika matoleo yote mawili, ili wazazi nao wajue ni nani aliyewalipia watoto wao ada. Kwa Kiingereza ongeza kile msaada huo ulichowezesha, kwa mfano vifaa vya maabara au mafunzo kwa vitendo, na umwombe msimamizi wa ufadhili ahakiki majina na vyeo kabla hujachapisha nakala ya mwisho.