Koo linawasha msimu wa salfa, usikimbilie kusema ni vumbi

Wana Mtwara na Lindi, kipindi hiki cha kupulizia mikorosho kila mtu koo linamkwaruza afu tunasingizia salfa tu. Salfa inawasha na macho pia, ukitoka shamba ukaoga ukapumzika inapungua. Ila koo likiamka na wewe asubuhi linauma kumeza, jioni mwili unachoka, mafua yanaanza, hapo fikiria kirusi, iwe korona au mafua ya kawaida, kwa koo peke yake huwezi kuyatofautisha.

Sasa kipimo cha haraka cha korona ukipima siku hiyohiyo ya kwanza kinaweza kusema huna na kumbe unayo, rudia baada ya saa 48. Kama nyumbani kuna bibi au mwenye kisukari usingoje, pima mapema, na ukiwa na homa pima na malaria maana huku kwetu hiyo haikosekani.

Mnadani usiende kwanza, kaa home mpaka homa iishe saa 24 bila panadol na ujisikie nafuu, ukitoka vaa barakoa siku 5 hivi. Ukishindwa kupumua vizuri au kumeza hata mate, hospitali moja kwa moja.