Pawatila inazeeka kila ekari: tenga fedha ya uchakavu kabla ya kugawana faida

Katika mabonde ya mpunga, kuanzia Mbarali hadi Kilombero, utakuta pawatila zimeegeshwa chini ya miembe, matairi yamezama na nyasi zimeota katikati ya visu. Nyingi zilikuja wakati wa Kilimo Kwanza, baada ya mwaka 2009. Ukimuuliza mwenye mashine, au kikundi kinachoimiliki, mara nyingi utaambiwa ililima vizuri misimu mitatu au minne, kisha ikaharibika na fedha ya kuitengeneza haikuwepo. Fedha ilipatikana, tena nyingi, ila ililiwa ikiitwa faida.

Tuchukue mfano wa mkulima anayelima majaruba yake na kuwalimia wenzake kwa kukodisha. Bei zilizopo hapa ni za mfano tu, wewe weka za kwako. Pawatila pamoja na visu vyake aliinunua kwa shilingi 9,000,000. Kila msimu inalima na kuchabanga ekari 120, na kila ekari inachukua kama saa 4. Wateja wanalipa shilingi 70,000 kwa ekari. Dizeli inakula 21,000, dereva 15,000, oili na grisi 2,000. Jumla ya matumizi ni 38,000, kwa hiyo mfukoni zinabaki 32,000. Kwa ekari 120 hizo ni shilingi 3,840,000, na hapo ndipo watu wengi huufunga mahesabu.

Lakini ile mashine ya milioni 9 iliyoingia shambani mwanzoni mwa msimu, mwisho wa msimu si ya milioni 9 tena. Kwa kazi ya namna hii, yaani saa 480 kwa mwaka, tukadirie itadumu miaka 6, na baada ya hapo ataiuza kama chakavu kwa 1,800,000. Toa hiyo kwenye bei ya kununulia, inabaki 7,200,000. Gawa kwa miaka 6, upate 1,200,000 kwa mwaka. Gawa tena kwa ekari 120, upate shilingi 10,000. Huo ndio uchakavu: kila ekari inayolimwa inakula shilingi 10,000 ya mashine yenyewe, kama inavyokula dizeli. Tofauti ni kwamba dizeli unailipa leo, na hii unadaiwa hadi siku mashine itakapokufa.

Uchakavu hauhusiani na matengenezo ya kawaida, na hapa ndipo vikundi vingi vinapochanganya mambo. Visu, mikanda, beringi, sili na matairi vinaisha na kubadilishwa huku mashine ikiendelea kufanya kazi. Mkulima wetu akiangalia daftari lake la spea anaona shilingi 6,000 kwa ekari zinatosha. Kwa hiyo kati ya zile 32,000, kuna 10,000 ya kununulia mashine nyingine na 6,000 ya spea na fundi. Faida halisi ni 16,000 kwa ekari, nusu ya alichodhani. Kwa msimu ni 1,920,000. Hiyo ndiyo ya ada za shule, ya bati, ya kugawana kwenye kikundi.

Ninasisitiza mafungu mawili yasikae pamoja, kwa sababu fungu la spea huguswa kila mara na lile la uchakavu halitakiwi kuguswa kwa miaka. Yakichanganywa, ukiona fedha ni nyingi unaichota. Fungu la spea liweke kwenye laini ya simu ambayo haitumiki kwa jambo lingine, kwani visu vinaweza kuisha katikati ya wiki ya kazi. La uchakavu liende SACCOS au benki, na kama mashine ni ya kikundi, watoe sahihi watu watatu. Litenge jioni ya siku ya kazi, usingoje mwisho wa msimu. Kama wateja wako wanalipa kwa gunia la mpunga baada ya mavuno, basi siku unapouza ule mpunga, hesabu ekari zilizolipiwa na utoe fungu kwanza.

Na ekari zako mwenyewe? Zihesabu. Mashine haijui shamba ni la nani. Kama kati ya ekari 120 kuna 10 za kwako, toa 160,000 kutoka kwenye mauzo ya mpunga wako ujaze mafungu hayo. Wengi wanaruka hapa, halafu wanashangaa akiba haifiki.

Sasa kuna tatizo la bei. Ukitenga 1,200,000 kila mwaka kwa miaka 6 utafika 7,200,000, na ukiongeza ya chakavu utapata milioni 9, ambayo huenda wakati huo hainunui pawatila. Dawa yake ni kuuliza bei dukani kila mwaka baada ya mavuno. Tuseme baada ya miaka 2 mashine kama yako inauzwa 10,000,000. Toa 1,800,000 ya chakavu, toa 2,400,000 uliyokwisha kutenga, inabaki 5,800,000 ya kutafuta kwa miaka 4. Ni 1,450,000 kwa mwaka, sawa na kama shilingi 12,100 kwa ekari. Ndicho kiasi kipya, na ndicho cha kutumia unapopanga bei ya kukodisha msimu unaofuata.

Ile miaka 6 nayo ni makadirio, na mashine yenyewe itakuambia kama inakwenda haraka zaidi. Kwenye majaruba, adui mkubwa ni maji ya tope yanayopenya kwenye sili za ekseli na za shafti ya visu. Fungua kizibo cha chini cha gia boksi, acha oili kidogo idondoke kwenye chupa safi. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Badilisha sili na oili siku hiyo hiyo, kwa sababu ukiendelea kulima, beringi na gia zitakwisha, na gharama ya gia boksi ni ya aina nyingine kabisa na ya sili. Upande wa injini, angalia oili inavyopungua kati ya siku na siku, na moshi unaotoka kwenye bomba la kupumulia. Ukiongezeka huku nguvu ikipungua, ringi za pistoni zimechoka. Kichujio cha hewa kikiachwa na vumbi kinaharakisha hali hiyo kuliko kitu kingine, hasa wakati wa kulima ardhi kavu.

Siku fundi atakapokuambia injini inahitaji kufunguliwa yote, usijibu kwa hasira wala kwa haraka. Muulize itafanya kazi misimu mingapi baada ya hapo. Tuseme anadai 1,500,000 na unaamini itakupa misimu 2, yaani ekari 240. Hiyo ni shilingi 6,250 kwa ekari, na mashine mpya ya 10,000,000 ingekula kama 11,400 kwa ekari. Hapo kutengeneza kuna maana. Lakini kama gia boksi nayo imeshachoka, na matengenezo yatakupa msimu mmoja tu, ni 12,500 kwa ekari, tena mashine inaweza kuharibika katikati ya kazi wakati wateja wamefungulia maji mashambani. Hapo uza chakavu, ongeza fedha uliyotenga, nunua nyingine.